SF4 si tetrahedroni: zile elektroni mbili umezitupa wapi?

*"Wakuu, nimechora SF4 kwa nukta, S katikati na F nne kando yake. Nikaandika tetrahedroni, nyuzi 109.5. Niko sawa?"*

Futa. Futa sasa hivi kabla karatasi hiyo haijafika kwa mhadhiri.

Hiyo "F nne basi tetrahedroni" naijua ilikozaliwa. Sisi huku Kisumu tulikuwa na mwalimu wa tuisheni, tulimlipa pesa taslimu, akatufundisha njia ya mkato: "Hesabu mikono ya atomi ya katikati, taja umbo." Mikono! Kwani tulikuwa tunasoma pweza? Kwenye mtihani likaja swali la SF4. Umbo nikakosa, pembe nikakosa, na sehemu ya kueleza kama molekuli ina ncha za chaji nikakosa pia, kwa sababu zote zinaning'inia kwenye umbo. Nikarudia karatasi nzima. Yeye nasikia bado anafundisha.

Kabla hujataja umbo lolote, hesabu elektroni zote za nje. Salfa ina 6. Kila florini ina 7, ziko nne, hizo ni 28. Jumla ni 34. Sasa rudi kwenye mchoro wako uhesabu ulichochora: vifungo vinne vimekula 8, na kila florini imebeba jozi zake tatu, yaani 24 kwa zote nne. Umefika 32. Mbili ziko wapi?

Ziko kwenye salfa, ila hukuzichora. Na usianze kunililia kwamba salfa itapita nane. Iko kwenye safu ya tatu ya jedwali, na hapa inahesabiwa kuwa na 10. Kwa hiyo haina majirani wanne, ina makundi matano ya elektroni yanayosukumana: vifungo vinne na jozi pweke moja. Makundi matano yakitaka kukaa mbalimbali, matatu hujipanga kiunoni kwa nyuzi 120, moja likakaa juu na moja chini, haya mawili yakiwa nyuzi 90 kutoka kiunoni.

Hapo ndipo wengi huteleza mara ya pili: jozi pweke inakaa nafasi gani? Hiyo jozi inavutwa na kiini kimoja tu, si viwili kama jozi ya kifungo, kwa hiyo imetanuka na inasukuma kuliko wenzake. Ikikaa juu, itabanana na majirani watatu kwa nyuzi 90. Ikikaa kiunoni, inabanana na wawili tu, na wale wengine wawili wako nyuzi 120. Basi inachagua kiunoni. Sasa ifunike kwa kidole, maana jina la umbo hutolewa kwa atomi peke yake: florini mbili ziko juu na chini, mbili ziko kiunoni. Ilaze kwa ubavu utaona ile bembea ya ubao ambayo mtoto mmoja akipanda mwenzake anashuka, na ndilo jina lake. Msukumo wa jozi pweke unaonekana hata kwenye vipimo: florini za kiunoni zimebanwa kutoka 120 hadi kama 102, na zile za juu na chini zimeinama kutoka 180 hadi kama 173. Hiyo 109.5 yako haimo popote.

Kama bado unatetea mikono, chora CF4, SF4 na XeF4 kwenye ukurasa mmoja. Zote tatu zitatoka msalaba uleule wa F nne. Lakini jumla zake ni 32, 34 na 36. Kaboni haibakiwi na kitu, hiyo ndiyo tetrahedroni halali. Salfa inabakiwa na jozi moja. Zenoni inabakiwa na jozi mbili, zinakaa pande zinazotazamana ili ziachane kabisa, na florini zote nne zinalala bapa kama mraba, nyuzi 90. Mikono ni ileile minne, maumbo matatu! Karatasi ni bapa, haijui umbo. Kinachojua ni hesabu ya zilizobaki.

Kwa hiyo: jumla kwanza, toa ulizochora, zilizobaki zirudishe katikati, ndipo ufungue mdomo useme umbo. Mtu akikuuliza umbo na hujaandika ile jumla pembeni ya karatasi, mwambie asubiri.

Sasa fanya ClF3 uweke jibu hapa chini. Anza na jumla. Na ukiniandikia "pembetatu", nitajua ni yule jamaa wa mikono amekufikia na wewe.