Kutenganisha maelezo na tathmini katika insha ya uchumi

"Wanafunzi wanaorodhesha faida na hasara tu, nami nawapa alama za tathmini. Nirekebishe wapi?"

Mwalimu mwenzangu, anza na swali lenyewe. "Eleza athari za kikomo cha kodi ya nyumba" huzaa orodha. Uliza: "Je, kikomo hicho ndiyo njia bora ya kuwasaidia wapangaji wa kipato cha chini?"

Kwa alama 12, ngazi ya kwanza (1–4) hutaja uhaba wa nyumba. Ya pili (5–8) huonyesha kwa nini kodi iliyo chini ya bei ya msawazo huongeza kiasi cha nyumba kinachohitajika na kupunguza kiasi kinachotolewa. Ya tatu (9–12) hupima: muda mfupi ugavi wa nyumba haunyumbuki sana, hivyo uhaba ni mdogo, baadaye hukua. Kisha huamua na kutoa sababu. "Kwa upande mwingine" bila kupima ibaki ngazi ya pili, hata zikiwa hoja sita.