Maswali na Majibu: Saa Iliyoandikwa Bila Mji Wake

*"Kikao chetu cha biashara ya korosho na wenzetu wa New York na London ni kila Jumatatu saa 11 jioni. Tarehe 9 Machi 2026 sisi wa Mtwara tuliingia kwa wakati tukakuta kimekwisha. Nani alikosea?"*

Alikosea aliyeandika "saa 11 jioni" bila kutaja ni saa ya wapi. Kikao hicho kilipangwa kwa saa 3 asubuhi ya New York, ambayo wakati wa baridi huangukia saa 11 jioni yetu kwa kuwa tuko mbele kwa saa 8. Jumapili ya tarehe 8 Machi Wamarekani walisogeza saa zao mbele, tofauti ikapungua kuwa saa 7, na kikao kikaanza saa 10 jioni kwetu. London nao hawakupona, kwani Waingereza husubiri Jumapili ya mwisho ya Machi. Kwa hiyo vikao vitatu mfululizo viliwaangukia saa 7 mchana badala ya saa 8 waliyoizoea, kisha baada ya tarehe 29 wakarudi pale pale.

Mwaliko wa kikao kinachojirudia uutaje mji wenye saa:

```
Kila Jumatatu 09:00 America/New_York
```

Pembeni andika saa yetu pamoja na tarehe ambayo saa hiyo ni sahihi, kwa mfano "16:00 Mtwara, Jumatatu 9 Machi". Andikeni kwa tarakimu za saa 24, kwa maana mgeni akisoma "saa 10" ataelewa saa 4 yetu, na hilo nimelisema mara nyingi mno kwa wasomaji wasiojali.

*"Si tungeandika UTC tu, ile saa ya marejeo ya dunia nzima, tukamaliza?"*

Kwa kikao cha mara moja, ndiyo, na ni vizuri sana: 13:00 UTC ni 16:00 kwetu siku zote za mwaka. Kwa kikao cha kila wiki, hapana, kwa sababu UTC haibadiliki ilhali maisha ya mtu wa New York hufuata saa ya ukutani, na kikao chake kilichopangwa wakati wa baridi kwa saa 3 asubuhi kitahamia saa 4 msimu ukigeuka.

*"Mteja ameandika 15:00 EST, mwezi Julai. Nimpigie saa ngapi?"*

Muulize kwanza. EST ni saa ya majira ya baridi, na kwa maana hiyo halisi ni 23:00 kwetu. Lakini mwezi Julai New York hutumia EDT, saa ya majira ya joto, na bila shaka yeye anakusudia saa ya ukutani kwake, yaani 22:00 yetu. Kifupi cha herufi tatu kisikubaliwe katika mkataba wowote. IST, kwa mfano, hutumika India, Israeli na Ayalandi.

*"Sisi wa Lindi tutabadilisha saa lini?"*

Hatubadilishi.

*"Na ng'ambo ya Ruvuma?"*

Msumbiji wako nyuma yetu kwa saa moja, mwaka mzima, nao hawabadilishi. Anayevuka mto kwa miadi ya 09:00 ya kule ajue kwamba kwetu ni 10:00, na simu yake ikishika mnara wa ng'ambo akiwa bado upande huu, inaweza kumwonyesha saa ya kule.