Foili au kupaka wazi?

"Nikipaka blichi bila foili, inakauka na nywele zinabaki za chungwa. Nikizifunga, si zitaungua?"

Dada, blichi hufanya kazi ikiwa na unyevu, ikikauka, imesimama. Foili hushika unyevu huo pamoja na joto la kichwa, ndiyo maana nywele hupauka haraka zaidi. Ukifunga, changanya blichi na developa ya volyumu 20, usiwashe draya, na ufungue kila dakika 5 ufute kidogo uone rangi. Unywele ukivutika kama mpira, suuza hapo hapo. Mimi nilichelewa, ncha zikanikatikia mkononi.

Kama uliwahi kupaka hina ya dukani yenye chumvi za metali, jaribu blichi kwanza kwenye kishungi cha nywele zako kilichokatwa. Kikipata moto, usipake. Muone msusi mzoefu.