Engo laini haipindi unakoisukuma: kwa madogo mnaoanza fildi

Wiki hii nimekagua karatasi tatu za madogo walioko fildi kwetu, na zote tatu zina engo laini iliyobeba mzigo wa wima, na zote tatu zimeandikwa M mara y gawanya Ix halafu basi, mistari miwili chini, jibu limezungushiwa duara. Nikamuuliza mmoja, dogo, hii sekshen ina simetri gani? Akaniangalia kama nimemuuliza nauli ya Mbagala. Nawapenda sana nyie watoto lakini hili tulishalizungumza, na mimi mwenyewe lilinigharimu, kwa hiyo leo naandika lote mlisome kwenye daladala.

1. Chora kwanza, kalkuleta baadaye. Tuchukue kipande kilichoniliza mimi: engo laini ya 100 kwa 75, unene milimita 10, mguu mrefu umesimama, mguu mfupi umelala chini kuelekea kulia. Ile kona miguu inapokutana tuiite kisigino, na ncha za miguu tuziite vidole. Radiasi za kona tuziache, tuichukulie ni rektango mbili, moja ya 100 kwa 10 na nyingine ya 65 kwa 10 (siyo 75, ile 10 ya kona umeshaihesabu kwenye mguu uliosimama, na kila mwaka lazima apatikane mtu wa kuihesabu mara mbili). Sentroidi inakaa milimita 19.8 kulia kwa kisigino na 32.3 juu yake, yaani hewani kabisa, nje ya chuma. Usishtuke, ndivyo ilivyo kwa engo.

2. Ixy ndiyo roho ya hesabu yote. Ix inatoka 1.636 milioni, Iy inatoka 0.791 milioni, zote mm^4, hizo hakuna anayezikosea sana. Ixy ndiyo ina alama, na hapa ndipo nilipoangukia, kwa hiyo hapa nitakaa.

Nilikuwa na mwaka mmoja kazini. Karakana moja ilituita tuwapimie stendi ya matangi kwa mama mmoja mwenye saluni, nyumba ya uani, matangi mawili ya lita 500 yakae juu ya kichochoro cha mita 3, upande mmoja ukuta, upande wa pili dirisha kubwa la kioo la hiyo saluni. Matangi yakijaa ni kilo 1000, engo zikiwa mbili kila moja inabeba nusu, ukiigawanya kwa mita 3 unapata kama 1.6 kN kwa mita, momenti ya katikati 1.8 kNm. Engo zinatazamana, miguu mifupi imeelekea ndani, visigino viko nje, na mbao zimelazwa juu ya ukingo wa ile miguu iliyosimama. Hapo kwenye mbao nilikuwa sahihi, maana senta ya shia ya engo iko pale mistari ya katikati ya miguu miwili inapokutana, mzigo ukishuka kwenye mguu uliosimama unapita hapo na chuma hakizunguki.

Sikutumia M y gawanya I ya kawaida, nilijua engo inapinda pande mbili. Nikakokotoa Ixy, nikapata 0.665 milioni, nikaandika 0.665. Bila alama ya kutoa. Nilichukua umbali tu, 14.8 kwa 17.7, halafu 22.7 kwa 27.3, nikazidisha na eneo, nikajumlisha, nikasonga mbele. Sasa sikilizeni kwa nini kosa hili ni baya kuliko mengine: kila ukaguzi nilioufundishwa ulipita. Imax ikatoka 2.002 milioni, Imin 0.426 milioni, ukizijumlisha unapata sawasawa na Ix jumlisha Iy, safi. Ix mara Iy toa Ixy skwea ni ileile, maana skwea inameza alama. Hata ukubwa wa θ, ile pembe ya mihimili mikuu, ulikuwa sahihi, digrii 28.8. Kilichokosewa ni upande tu: mimi niliizungusha kama mshale wa saa unavyokwenda, na ilitakiwa izunguke kinyume chake.

Na upande ndiyo kila kitu. Kwa alama yangu mbovu kisigino kilipata tensheni ya MPa 26 tu na kidole cha mguu uliolala kikapata tensheni ya 131. Ukweli ni kwamba kisigino kina 82 ya tensheni, na kile kidole, pamoja na kwamba kiko chini kabisa, kina kompresheni ya kama 24. Chuma chenyewe kingevumilia vyovyote. Ila hesabu yangu ilisema engo zitapinda chini na kuelekea ndani, kwa hiyo nikamwambia fundi upande wa kioo acha milimita 4 inatosha kabisa, chuma kinakimbia kioo. Siku ya kujaza maji nilikuwepo. Tangi la kwanza likajaa, kimya. La pili lilipofika kama nusu nikasikia kitu kama mtu amevunja ukwaju mkavu, kutazama, mstari umepita kioo kizima kutoka pembeni hadi kwenye fremu ya juu. Mama akatoka na kitana mkononi, hakupiga kelele, akasema tu, "Mwanangu, si ulisema umepima?" Nilikaa chini kwenye kile kichochoro na ile karatasi yangu nikiisoma mstari kwa mstari na sioni kosa, kila kitu kinajumlika! Tulipovuta uzi tukakuta engo imetoka nje milimita 5 na zaidi kidogo. Nilivyorudia usiku kwa alama sahihi nikapata kwamba engo iliyoachwa huru inashuka milimita 7.8 na inakimbilia upande wa kisigino milimita 6.6. Nadhani msuguano wa mbao uliizuia kidogo. Kioo nililipa mimi, miezi miwili, na nilistahili.

Namna ya kulikamata kosa hili ni kutazama mchoro kabla ya namba. Ukikaa kwenye sentroidi, chuma kingi kiko juu kushoto na chini kulia. Juu kushoto x ni hasi na y ni chanya, chini kulia ni kinyume chake, kwa hiyo zidisho ni hasi pande zote mbili na Ixy lazima iwe hasi, huhitaji kalkuleta. Halafu mhimili wa Imin lazima ulale kufuata mstari unaoelekea kidole mpaka kidole, maana chuma kimejipanga karibu yake. Mhimili wangu ulikuwa unakata kutoka kisiginoni kwenda juu kulia, penye hewa tupu. Mchoro wa sekunde kumi ungeniokoa.

3. Kalkuleta ikikupa arctan, jua kuna mhimili mwingine digrii 90 kutoka hapo, kwa hiyo rudisha ile θ kwenye fomula ya I uone imekupa 2.002 au 0.426 kabla hujaandika "max".

4. Stresi ya kona. Kuna njia mbili, na mimi nataka zote mbili kwenye karatasi. Ya moja kwa moja ni hii, tensheni ikiwa chanya na M ikiwa ile inayokandamiza juu:

```
sigma = -M*(Iy*y - Ixy*x) / (Ix*Iy - Ixy^2)
```

Kisigino kina x = -19.8 na y = -32.3, weka Ixy yenye alama yake, unapata 81.6. Njia ya pili ni kugawanya momenti kwenye mihimili mikuu. M cosθ inapinda kwenye mhimili mgumu na inachangia 14.8 pale kisiginoni, M sinθ inapinda kwenye mhimili dhaifu na inachangia 66.9. Jumla, ukiacha tofauti ndogo ya kukadiria, ni ileile. Hebu iangalieni hiyo 66.9 vizuri: momenti ni ndogo, karibu nusu ya ile nyingine, lakini Imin ni ndogo mara nne na zaidi, kwa hiyo ndiyo inayobeba karibu stresi yote ya kisigino. Yule aliyeandika M y gawanya Ix amepata 35.5 hapo. Amepunja zaidi ya mara mbili, na ameniletea karatasi safi yenye rula.

Halafu msiishie kwenye kona moja mnayoipenda. Chora nyutro eksisi, kwa kipande hiki inashuka kulia kwa digrii 40 kutoka mlalo (siyo 28.8, msizichanganye, ile ni mihimili mikuu na hii inategemea mzigo pia), kisha tafuta kona iliyo mbali nayo kuliko zote. Kule juu mguu una kona mbili zilizoachana milimita 10 tu. Ya nje inatoa kompresheni 85, ya ndani inatoa 99. Wengi mnachukua ya nje kwa sababu ndiyo mmeiwekea vipimo kwenye mchoro. Namba kubwa ya sekshen nzima iko ile ya ndani.

5. M y gawanya Ix siyo dhambi, ina mahali pake, na hili nililijua wakati wa kurekebisha ile stendi. Engo mbili zikitazamana, moja inataka kukimbia kushoto na nyingine kulia, zote kuelekea kwenye visigino vyao. Tulichofanya ni kufunga kila mbao kwa bolti kwenye engo zote mbili, basi zikawa zinavutana zenyewe kwa zenyewe na hakuna inayokwenda pembeni. Engo ikizuiwa pembeni urefu wote inalazimika kupinda wima tu, na hapo ndipo fomula ya kawaida inarudi kuwa kweli, kisigino 35.5, kushuka milimita 5.2. Kwa hiyo mtu akiniletea M y gawanya Ix nitamuuliza swali moja tu, nini kinaizuia isiende pembeni, na nataka anionyeshe bolti kwenye drowing. Kama iko huru, bado kuna suala la kujikunja pembeni kwa ule ukingo wa juu wenye kompresheni, hiyo ni cheki yake peke yake na hizi stresi haziijibu.

Kioo kipya tulikiweka na nafasi ya milimita 15, na mama alisimamia upimaji mwenyewe na futi kamba yake ya kushonea. Madogo, zile karatasi tatu ziko kwenye meza yangu, mkija kuzichukua njooni na mchoro wa engo yenu, alama ya Ixy imeandikwa kwa peni kubwa pembeni.