Keshi ya asubuhi mwaloni

"Nina kibanda cha wakala wa pesa za simu mwalo wa Kirumba, Mwanza. Asubuhi keshi inaisha, wateja wanaondoka. Niongeze mtaji?"

Hapana, anza na mgawanyo. Asubuhi wanunuzi wa dagaa wanatoa ili walipe wavuvi, keshi inakauka huku floti ya kwenye simu ikijaa. Mchana wavuvi wanaanza kuweka, hali inageuka. Kwa mtaji wa milioni 2, lala na keshi 1,500,000 na floti 500,000. Wakitoa milioni 1 ukabaki na keshi 500,000, usisubiri iishe. Mpigie mwenye duka la jumla unayemwamini: anakuletea noti za mauzo, unazihesabu mkononi, ndipo unamwekea kwenye laini yake. Naye anaepuka foleni ya benki. Nafanya hivi Igombe kila msimu. Ila mbalamwezi ikiwaka dagaa hupungua, basi punguza keshi ya kulala nayo, maana wezi nao wanajua.

— Kwangu Buzuruga stendi floti ndiyo inaisha, keshi imejaa. Nilale na keshi nyingi pia?

— Wewe kinyume chake, ndugu yangu. Jioni peleka keshi kwa wakala mkuu, uamke na floti.

— Mimi nagawa nusu kwa nusu, sijakwama.

— Labda huna wateja wa kutoa laki tano kwa mkupuo.