Kapcha ya Kijerumani isiyoisha: anza na kitufe

*"Wakuu, najaza fomu ya maombi kwenye tovuti ya Kijerumani kwa simu. Mwisho kinakuja kisanduku cha picha, maneno yote Kijerumani. Nachagua, kinaleta kingine, sasa hivi ni mara ya nane. Kuna mara moja nilipata tiki ya kijani, kutuma fomu ikanirudisha palepale. Nakosea wapi?"*

Mkuu, kwa ulivyoeleza hiyo ni reCAPTCHA v2 ya Google, na kujirudia kwake kuna sababu tatu tofauti zinazofanana kwa nje. Kwanza kabisa itazame kabla hujagusa picha yoyote.

Juu kuna bendera ya buluu, na ndani yake neno moja limeandikwa kubwa kuliko mengine. Hilo ndilo jina la kitu unachotafutiwa. Maneno yenyewe hayazidi kumi na kitu, na yanazungukia mambo ya barabarani: *Ampeln* ni taa za kuongozea magari, *Busse* ni mabasi, *Brücken* madaraja, *Treppen* ngazi, *Zebrastreifen* au *Fußgängerüberwege* ni zebra ya kuvukia. *Hydranten* huwapiga chenga wengi wa kwetu: ni kile kibomba kifupi cha zimamoto kilichosimama kando ya njia, kwenye picha mara nyingi chekundu au cha njano. *Schornsteine* ni dohani, bomba la moshi juu ya paa. Wanaoponza zaidi ni mapacha wawili, *Fahrräder* na *Motorräder*. Yote yanaishia na *-räder*, yaani magurudumu, na macho yenye haraka huyasoma kama neno moja. La kwanza ni baiskeli, la pili pikipiki. Wakati mwingine utaona *-n* imeongezwa mwishoni, *Fahrrädern* au *Bussen*. Ni sarufi tu, kitu ni kilekile.

Kujua neno ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua unacheza mchezo gani, maana ipo mitatu, na maelezo yake yako kwenye ule mstari mdogo chini ya neno kubwa, ambao asiyejua Kijerumani huuruka. Bahati nzuri unaweza kuutambua mchezo bila kuusoma.

Ukiona miraba 9, kila mmoja una picha yake. Gusa mmoja. Ukisinyaa na kuwekwa tiki ya buluu, unachagua yote inayohusika kisha unabonyeza *Bestätigen*, thibitisha. Ukiona picha uliyogusa inafifia na nyingine inachipuka mahali pake, huo ni mchezo wa pili: unaendelea kugusa hata zile mpya, hadi kisibaki kitu hicho hata kimoja, ndipo uthibitishe. Picha mpya huchukua sekunde kadhaa kutokea, na intaneti ikiwa nzito ni zaidi. Anayebonyeza *Bestätigen* wakati mraba bado mweupe anahesabiwa amekosa. Nadhani raundi zako kadhaa kati ya nane zimeishia hapa.

Mchezo wa tatu ni miraba 16 iliyokatwa kutoka picha moja. Hapo kitufe kinaanza kikiwa *Überspringen*, maana yake ruka. Kipo kwa sababu kitu kinaweza kuwa hakimo kabisa kwenye picha, na jibu sahihi likawa kutogusa chochote na kuruka. Watu wengi hudhani lazima kuwe na kitu, wanachagua hata kivuli. Ukigusa mraba mmoja tu, kitufe hubadilika kuwa *Weiter* au *Bestätigen*. *Weiter* ni endelea: ujue raundi nyingine imeshapangwa, hata ujibu vizuri namna gani, kwa hiyo usiichukulie kama kosa.

Tuseme umepewa pikipiki kwenye miraba 16. Mwili wake umekaa katika miraba minne ya katikati, gurudumu la mbele limeshuka hadi mraba wa chini, na ncha ya kioo cha pembeni imegusa kidogo mraba wa juu. Mimi ningechagua ile minne na wa gurudumu, ncha ya kioo ningeiacha. Kwenye taa za barabarani ningechagua boksi lenye taa na kuiacha nguzo.

Sasa, utajuaje kama umekosea au unasumbuliwa tu? Angalia chini ya picha. Maandishi mekundu yakitokea, jibu lilikuwa na kasoro: umeacha kitu, au kuna picha mpya hukuiangalia. Kama hakuna jekundu lolote na fumbo jingine linakuja tu, usiendelee kulaumu macho yako. Mfumo huu haupimi picha peke yake, unapima pia unatokea wapi na kwa kivinjari gani. Kampuni za simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti. Mmoja wao akiwa na programu inayotuma maombi ovyo, wote mnatazamwa kwa jicho baya. VPN ni vilevile, tena zile za bure ndizo mbaya zaidi. Dirisha la siri na kivinjari kilichozuia vidakuzi navyo vinakufanya uonekane mgeni kila mara.

Badilisha kimoja kimoja ili ujue mchawi ni nani. Zima VPN. Tumia dirisha la kawaida, ruhusu vidakuzi, zima vizuia matangazo kwa tovuti hiyo. Bado? Washa hali ya ndege nusu dakika kisha izime, mara nyingi utapata anwani nyingine. Au hamia Wi-Fi. Kubofya mfululizo kwa hasira kunakuchafua zaidi, afadhali upumzike kwanza.

Kuhusu lugha: kwa kawaida kisanduku hufuata lugha ya kivinjari, kwa hiyo kwenye mipangilio ya lugha weka Kiswahili juu kabisa kisha fungua ukurasa upya. Kikibaki Kijerumani, aliyetengeneza tovuti ameikaza mwenyewe kwenye msimbo, hivi:

```html
<script src="https://www.google.com/recaptcha/api.js?hl=de"></script>
```

Hiyo `hl=de` huwezi kuigusa kwa upande wako. Chukua simu ya pili, elekeza kamera ya kutafsiri kwenye bendera ya buluu. Na kwa kuwa unasoma lugha usiyoijua, kaa macho na kitu kimoja: ukiwa kwenye kompyuta, "kapcha" ikikuambia ubonyeze Windows na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter, funga ukurasa huo. Ni wizi, unapandikiza kirusi kwa mkono wako mwenyewe.

Imebaki ile tiki ya kijani iliyokurudisha palepale. Tiki hiyo inatengeneza kibali kinachodumu dakika 2, na kinatumika mara moja tu. Ukiweka tiki kisha ukaanza kutafuta namba ya pasipoti, kimekufa. Ukituma, fomu ikakataa kwa sababu ya tarehe uliyoandika vibaya, kibali kimeshaliwa, sharti upate kingine. Kwa hiyo jaza kila kitu, kagua, halafu kapcha iwe ya mwisho kabisa kabla ya kutuma. Kama fomu inapakia vyeti pamoja na kutuma, angalia uzito wa faili: PDF ya picha za simu yenye MB 20 kwenye mtandao dhaifu inaweza kuchukua dakika 3 au 4 kufika, na seva ikija kukagua kibali inakuta muda umepita. Zipunguze ziwe MB 1 au 2 ndipo ujaribu tena.