Hafu bodi si nusu bei: maswali yenu kuhusu maneno ya hoteli

Tumepata ofa ya Diani, usiku mbili, vocha imeandikwa HB. Mke wangu anasema ni nusu ya chakula, mimi nasema ni nusu ya bei. Nani yuko sawa? (Baba wa wawili, Umoja)

Hakuna, ndugu yangu, na kinachowachanganya ni hilo neno hafu. HB ni hafu bodi, na bodi hapa haihusiani na bodi ya wakurugenzi wala bodi ya gari, ni neno la Kiingereza cha kitambo la meza ya mbao ya kulia, halafu polepole likaanza kumaanisha chakula chenyewe unachopewa pale unapolala, si hata shule ya kulala tunaiita bodingi. Fulu bodi ni chumba na milo yote mitatu. Hafu bodi ni chumba, brekifasti, na mlo mmoja mkubwa ambao kwa hoteli nyingi ni sapa. Kwa hivyo kinachoondolewa ni lanchi peke yake, unabaki na milo miwili kati ya mitatu, na chumba ni kile kile, ndio maana bei haiwezi kushuka hadi nusu.

Sasa sikiza vile hiyo milo inahesabiwa manake hapa ndio watu huumia. Kawaida hafu bodi inaanza na sapa ya siku mnaingia na inaisha na brekifasti ya siku mnatoka, usiku mbili ni sapa mbili na brekifasti mbili, basi. Mkifika saa saba mchana na njaa, hiyo lanchi ni ya mfuko wenu.

Tuseme bei ni 9,000 kwa kila mtu kwa kila usiku mkishea chumba (na uangalie hapo, bei nyingi za huko Pwani ni za mtu mmoja akishea, si za chumba), na hoteli hiyo hiyo kwa BB, yaani chumba na brekifasti tu, ni 7,000. Ile 2,000 ya katikati ndio bei yenu ya sapa. Watu wawili usiku mbili ni sahani nne, 8,000. Halafu mpande treni ya saa tisa alasiri pale Syokimau, mtashuka Miritini giza limeshaingia, bado kuna barabara hadi Diani, mkifika hotelini bafe imefungwa na wapishi wameenda zao. Sahani mbili zimepotea, mmekula mbili, na kila moja imewatoka 4,000 badala ya 2,000. Hakuna wa kulaumiwa hapo risepsheni, chakula kilikuwepo, nyinyi ndio hamkuwepo.

Pandeni treni ya asubuhi, ama muulize mapema kama usiku wa kwanza unaweza kuwa BB na wa pili HB, hoteli nyingine hukubali. Nyingine zitawawekea sahani jikoni mkisema mnachelewa. Zingine zinakubali mbadilishe sapa na lanchi ya kesho yake. Lakini ombeni kabla ya kulipa na mjibiwe kwa maandishi, mkishafika mkiwa mmechoka hamna nguvu ya kubishana na mtu.

Natafsiri brosha ya hoteli. Nimeandika "nusu bodi", "bodi kamili" na "kitanda na kiamshakinywa". Mteja ameridhika, niache hivyo? (Mtafsiri, Ngara)

Usiache, tafadhali. Mteja ameridhika kwa sababu yeye anajua tayari hoteli yake inauza nini, lakini yule mama wa Kayole anayepanga safari ya familia akisoma "nusu bodi" bado hajui kama watoto wake watakula mchana ama hapana, na hilo ndilo alikuwa anatafuta kwa hiyo brosha. Andika kitu chenyewe: malazi na milo yote mitatu; malazi, kiamshakinywa na chakula cha jioni; malazi na kiamshakinywa. Ni ndefu kidogo lakini hakuna atakayepiga simu kuuliza. Pembeni weka FB, HB na BB vile vile zilivyo, kwa sababu ndizo zitakuwa kwa vocha na kwa kompyuta ya risepsheni.

Hiyo "kitanda" nayo itoe kabisa. Kwetu ukiambiwa unalipia kitanda unajua ni mambo ya hosteli, mnalala sita chumba kimoja na bafu iko koridoni, na mteja wako anauza chumba kizima. Kingine, kabla hujaandika "chakula cha jioni" piga simu uulize ule mlo wa pili ni upi, manake kama wanaruhusu mgeni achague basi andika mlo mmoja mkuu, mchana au jioni. Kamusi haiwezi kukwambia hiyo, jikoni ndio watakwambia.

Na kama unafanya kazi za hoteli za Malindi na Watamu utakutana na maandishi ya Kitaliano, mezza pensione, ama ya Kijerumani, Halbpension. Ni hafu bodi ile ile. Usiandike nusu pensheni, hakuna mstaafu hapo.

Shemeji yangu anakuja kutoka Uingereza, nimembukia BnB Kilimani. Sasa ananiuliza brekifasti ni saa ngapi. Nimwambie nini? (Dada wa Kawangware)

Mwambie leo, dada, kabla hajapanda ndege, kwamba hakuna brekifasti. Hili ndilo neno linaloniumiza zaidi kwa haya yote, kwa sababu pande zote mbili zinaongea ukweli. Kwao Uingereza BnB ni nyumba ya mtu au kagesti kadogo, unalala chumba kimoja, asubuhi mwenye nyumba anakupikia mayai, soseji, maharagwe na tosti, na hiyo imo ndani ya bei. Hapa Nairobi BnB ni apatimenti yenye fanicha unayokodi kwa usiku, unapewa ufunguo ama namba ya siri ya mlango kwa simu, jikoni iko, gesi iko, mwenyewe humwoni. Kilimani, Roysambu, South B, ni vile vile.

Jina tulilitoa kwa Airbnb. Hao walianza 2008 kule San Francisco wakijiita AirBed & Breakfast, watu wanalala kwa magodoro ya kujaza hewa ndani ya nyumba ya wenyeji na brekifasti kweli ilikuwepo. Baadaye wakafupisha jina, biashara ikawa ya nyumba nzima nzima, brekifasti ikaachwa njiani lakini herufi zikabaki. Sisi tulizipokea hapo mwisho, ndio maana tangazo la BnB hapa kwetu halimdanganyi mtu wa Nairobi hata kidogo, lakini linampotosha mgeni ambaye kwao hizo herufi bado zinamaanisha chakula.

Ukimwandikia, mwambie ni apatimenti ya kujipikia, halafu mnunulie mkate, maziwa, mayai na majani chai umwekee jikoni siku ya kwanza, kutoka safari ya usiku kucha hatajua duka liko wapi. Na uangalie pia uliposoma "selfu konteini" kwa tangazo. Hapa tunamaanisha choo na bafu viko ndani ya chumba chako. Kwake yeye neno hilo ni nyumba yenye mlango wake na jikoni yake, kwa hivyo siku ukimtafutia chumba cha gesti cha selfu konteini mwambie wazi ni bafu tu iko ndani, asije akatafuta jiko.

Tulilipa fulu bodi, siku ya kutoka tukaletewa bili ya soda, maji na kahawa. Si fulu ni fulu? (Mama wa Donholm)

Pole mama. Fulu ni ya chakula, inamaanisha milo imetimia mitatu, haimaanishi vinywaji. Chai na kahawa ya brekifasti huwa imo, lakini soda ya lanchi na maji ya chupa mezani kwa hoteli nyingi ni ekstra, na kahawa baada ya sapa nayo mara nyingi inaandikwa kwa namba ya chumba chako. Unachofikiria wewe ni ol inklusivu, ile ya vinywaji ndani, na hata hiyo ina mipaka yake, kwa mfano bia za hapa zimo lakini mvinyo wa nje haumo, au vinywaji vinakatwa saa fulani usiku. Ukikaa mezani siku ya kwanza muulize weita kabla hajafungua chupa: hii imo ama nasaini? Akikuletea karatasi ya kusaini, haimo.

Kwa lodji za Maasai Mara fulu bodi ndiyo kawaida kwa sababu ukitoka getini hakuna hoteli nyingine ya kula karibu. Kama mtakuwa mbugani siku nzima ombeni lanchi ya boksi jioni iliyotangulia, asubuhi hiyo mkiondoka saa kumi na mbili mtakuwa mmechelewa kuagiza na mkirudi saa kumi lanchi imeisha.

Bosi amesema nitafute hafu bodi ya watu 20 kwa semina ya siku moja Naivasha. Nimeuliza hoteli tatu, zote zinanipa bei za kulala. (Sekretari, Upper Hill)

Bosi anataka pakeji ya siku, ambayo huwa ni ukumbi, chai ya saa nne, lanchi, chai ya saa kumi, maji na kalamu na karatasi, na hakuna anayelala. Hafu bodi lazima iwe na chumba na usiku, kwa hivyo hoteli zimekujibu sawasawa. Omba pakeji ya siku kwa jina hilo, na useme mtafika saa ngapi, kama mnatoka Nairobi alfajiri na mnataka kunywa chai mkifika hiyo chai ya kufika si lazima iwe ndani, iulizie bei yake. Usimwambie bosi amekosea mbele ya watu, mpelekee kotesheni mpya tu.

Nimepokea vocha kutoka Mumbai, wageni wanne, imeandikwa MAP. Ni ramani gani wanataka? (Kijana wa tua, Westlands)

Hiyo ni hafu bodi, kijana. Mawakala wa India bado wanatumia sana majina ya mtindo wa Marekani: AP ni fulu bodi, MAP ni hafu bodi, CP ni chumba na brekifasti. Ile ya kuogopa ni EP, hiyo ni chumba peke yake, hakuna hata chai. Kwa lodji ya mbugani ukiiona piga simu Mumbai siku hiyo hiyo uwaambie wageni watalipia kila mlo wakifika.